Kidonge cha kufunga kuharisha au ORS na zinki: nani apewe kipi

Kwenye duka la dawa Mbagala, Tandika au Sinza ombi huwa moja: "Naomba dawa ya kufunga tumbo." Muuzaji asiye makini hutoa vidonge vya loperamaidi, mara nyingi pamoja na flajili, bila kuuliza ni vya nani. Mnunuzi naye anaweza kuwa kondakta wa daladala mwenye miaka 30, au mama aliyemwacha nyumbani mtoto wa mwaka mmoja. Dawa ile ile inaweza kumsaidia wa kwanza na kumuua wa pili.

Ulinganisho huu ni wa vitu viwili ambavyo watu huviona kama mbadala wa kila kimoja, ilhali kazi zake ni tofauti kabisa: kidonge kinachozuia kuharisha kwa upande mmoja, ORS na zinki kwa upande wa pili.

Kila kimoja kinafanya nini tumboni

Loperamaidi iko kwenye ukoo mmoja na mofini. Tofauti ni kwamba kwa mtu mzima haifiki kwenye ubongo kwa kiasi cha kuleta usingizi au ulevi, kwa sababu mishipa ya ubongo ina protini zinazoisukuma nje. Kazi yake inaishia kwenye neva za ukuta wa utumbo. Inapunguza ile misukumo inayopeleka chakula na maji chini, na inakaza msuli wa njia ya haja kubwa. Choo kinakaa muda mrefu zaidi ndani, utumbo unapata nafasi ya kufyonza maji kiasi, na safari za chooni zinapungua.

Haiui kijidudu chochote. Haizibi sumu ya bakteria. Hairudishi maji wala chumvi iliyokwisha kutoka. Inachobadilisha ni mwendo tu.

ORS inafanya kinyume chake: mwendo inauacha kama ulivyo na inashughulika na maji. Ukuta wa utumbo mwembamba una vipitishio vinavyobeba sukari na chumvi kwa pamoja, na chumvi ikiingia mwilini maji huifuata. Vipitishio hivyo huendelea kufanya kazi hata mtu akiwa na kipindupindu. Ndiyo maana mchanganyiko wenye vipimo sahihi vya sukari na chumvi huingia mwilini wakati maji matupu yanapita tu. Pakiti ya kawaida ina gramu 20.5 za unga na inayeyushwa kwenye lita 1 ya maji safi.

ORS haipunguzi idadi ya safari za chooni kwa namna ambayo mama ataiona siku hiyo. Hapo ndipo inapokosa wateja. Mtu anampa mtoto vikombe viwili, anaona bado anaharisha, anasema "haifanyi kazi" na kurudi dukani kutafuta kidonge. Kumbe kipimo cha ORS ni mtoto mwenyewe: anakojoa, ana machozi, anachangamka. Kufupisha ugonjwa ni kazi ya zinki, ambayo hupunguza siku za kuharisha na pia uwezekano wa kuharisha tena katika miezi miwili mitatu inayofuata.

| Mgonjwa | Kidonge cha loperamaidi | ORS |
|---|---|---|
| Mtoto chini ya miaka 5 | Hapana kabisa | Ndiyo, pamoja na zinki |
| Mtoto wa miaka 5 hadi 12 | Si kwa uamuzi wa nyumbani | Ndiyo |
| Yeyote mwenye damu kwenye choo, au homa | Hapana | Ndiyo, njiani kwenda kituo cha afya |
| Yeyote anayehara maji mengi kama yaliyooshea mchele | Hapana | Ndiyo, na hospitali mara moja |
| Mtu mzima, choo cha majimaji, hana homa wala damu | Inaruhusiwa, kwa siku 2 tu | Ndiyo, hata kama amemeza kidonge |

Ukiitazama safu ya mwisho utaona ORS haina "hapana" hata moja. Swali la kuchagua linabaki kwenye kidonge pekee.

Nyumba moja, wagonjwa wawili

Tuchukue mfano wa nyumba moja Mbagala. Baba ana miaka 34, kilo 70. Tangu mchana ameharisha mara tano, choo cha majimaji, tumbo linanguruma ila halimkati sana. Hana homa, choo hakina damu wala makamasi, anakunywa na anakojoa. Kesho saa 12 asubuhi ana basi la Mwanza kutoka kituo cha Magufuli, Mbezi. Mtoto wake wa miezi 14, kilo 9, naye ameanza tangu asubuhi: amehara maji mara saba, ametapika mara mbili. Macho yameingia ndani kidogo. Ukifinya ngozi ya tumbo lake na kuiachia, inarudi taratibu badala ya kurudi papo hapo. Akipewa kikombe anakishika kwa nguvu na kunywa kwa pupa.

Kwenye droo kuna kadi moja ya loperamaidi ya miligramu 2.

Kwa baba, kidonge kinafaa. Anameza viwili kwa pamoja (miligramu 4) saa 2 usiku, nyumbani, si kituoni wakati basi linawashwa. Dawa hii huhitaji saa moja hadi tatu kuonyesha kazi yake, na kosa la wasafiri wengi ni kumeza viwili, kuona bado hali ni ile ile baada ya nusu saa, kisha kuongeza vingine viwili. Baada ya dozi ya kwanza anasubiri angalau saa moja, kisha anameza kimoja kila anapopata choo cha majimaji kingine. Jumla isizidi vidonge vinne kwa saa 24. Madaktari wanaweza kufika vinane kwa mgonjwa wanayemfuatilia, lakini kwa mtu anayejinunulia, vinne ndiyo mwisho. Choo kikianza kushikana, anaacha. Hakuna dozi ya kumaliza hapa kama ya antibayotiki, na hakuna maana ya kumeza kimoja "cha tahadhari" ili apite Dodoma salama.

Lita moja ya ORS inaingia kwenye begi lake pia. Watu husahau hili: kidonge kimepunguza safari, hakijamrudishia maji aliyopoteza mara tano. Basi la mikoani halisimami kila mtu anapotaka kuchimba dawa, na abiria wengi hujinyima maji kwa hofu hiyo, hivyo anayeharisha anafika akiwa amekauka.

Sasa bibi anasema, kwa nia njema kabisa: "Si mumkatie na mtoto robo?"

Hesabu ya bibi si mbaya kama inavyoonekana. Robo ya kidonge ni miligramu 0.5. Kwa kilo 9, hiyo ni kama miligramu 0.056 kwa kila kilo. Baba amemeza miligramu 4 kwa kilo 70, yaani karibu miligramu 0.057 kwa kila kilo. Kwa mizani, mtoto amepata sawa na baba yake. Ndiyo maana robo hii huwashawishi hata watu wenye akili zao. Kasoro ni kwamba mwili wa mtoto si mwili wa baba uliopunguzwa, na kasoro hiyo iko sehemu tatu.

Ya kwanza ni ubongo. Ule ukuta unaoizuia dawa isiingie kwenye ubongo haujakomaa kwa mtoto mchanga na mdogo. Dawa iliyokuwa ya tumbo tu kwa baba inaweza kumlaza mtoto, kumlegeza, na dozi ikizidi kupunguza pumzi zake, kama mofini inavyofanya.

Ya pili ni utumbo wenyewe. Kwa mtoto mdogo misukumo haipungui tu, inaweza kusimama kabisa. Tumbo linajaa na kuwa gumu, mtoto hatoi hata hewa, anaanza kutapika matapishi ya kijani. Mtoto aliyepungukiwa maji yuko hatarini zaidi, kwa sababu amepoteza pia potasiamu, na potasiamu ikishuka utumbo huwa tayari umelegea kabla ya kidonge kufika.

Ya tatu ndiyo inayodanganya. Virusi au sumu bado zinamwaga maji ndani ya utumbo, ila sasa hayatoki. Nepi inakaa kavu. Nyumba inapumua: "Ameshika." Maji hayo yamekwisha toka kwenye damu ya mtoto, yamejikusanya tumboni, na hayahesabiki tena kama maji ya mwili. Mtoto anaendelea kukauka mbele ya macho ya watu, na ile dalili pekee waliyokuwa wakiihesabu imefichwa.

Kuna na suala la kurudia. Robo moja haishii moja. Mtoto akiharisha mara nane na kila mara akapewa robo, jioni amekwisha meza miligramu 4, dozi nzima ya kuanzia ya baba, na dawa hii hukaa: nusu yake huchukua kama saa 11 kuondoka hata kwa mtu mzima.

Haya si mawazo ya kwenye karatasi. Zamani loperamaidi iliuzwa hadi kwa matone ya watoto. Mwaka 1990, baada ya vifo vya watoto wachanga kuripotiwa Pakistani, mtengenezaji aliyaondoa matone hayo sokoni. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2007, uliokusanya majaribio 13 ya dawa hii kwa watoto, ulikuta madhara makubwa (utumbo kusimama, kulegea, au kifo) kwa watoto 8 kati ya 972 waliopewa loperamaidi, na hakuna hata mmoja kati ya 764 waliopewa kidonge kisicho na dawa. Wote 8 walikuwa chini ya miaka 3. Faida yake ilikuwa kufupisha kuharisha kwa chini ya siku moja. Kwa ugonjwa ambao ORS inautibu na ambao kwa kawaida huisha wenyewe ndani ya siku chache, biashara hiyo haina faida. Shirika la Afya Duniani halikubali dawa za kuzuia kuharisha kwa mtoto yeyote wa chini ya miaka 5.

Umri wa miaka 5 hadi 12 ndio wenye mabishano. Karatasi za dawa za baadhi ya nchi huruhusu dozi ndogo, nyingine huzuia mpaka miaka 12 bila daktari. Ushauri wetu kwa duka na kwa nyumba ni kushika miaka 12. Mtoto wa shule ya msingi anayeharisha anaweza kukaa nyumbani siku mbili. Hana basi la kuwahi.

Anachopewa yule wa kilo 9

Macho yaliyoingia, ngozi inayorudi taratibu na kiu ya pupa maana yake mtoto amekwisha pungukiwa maji kwa kiasi cha kuhitaji kituo cha afya. Zahanati au kituo kilicho karibu kina kona ya ORS au angalau muuguzi wa kusimamia. Kipimo ni mililita 75 kwa kila kilo, ndani ya saa 4. Kwa kilo 9 ni mililita 675, yaani kama mililita 170 kila saa. Mkononi mwa mama hiyo ni kijiko kimoja cha chai kila dakika moja hadi mbili. Kikombe kizima kwa mkupuo hurudi chote kwa kutapika. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea, pole pole zaidi. Baada ya saa 4 anapimwa upya.

Njia nzima ya kwenda kituoni anaendelea kunywa na kunyonya. Foleni ya Kilwa Road si sababu ya kufunga kikombe.

Akisha kurudi katika hali yake, au kama tangu mwanzo hakuwa na dalili za kupungukiwa maji, kipimo cha nyumbani ni hiki: chini ya miaka 2, mililita 50 hadi 100 baada ya kila choo cha majimaji, yaani robo hadi nusu kikombe, miaka 2 hadi 10, mililita 100 hadi 200. Zinki kwa mtoto wa miezi 6 na kuendelea ni kidonge cha miligramu 20 mara moja kwa siku, siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Chini ya miezi 6 ni nusu kidonge. Kinayeyuka kwenye kijiko chenye maji kidogo au maziwa ya mama. Uji na kunyonya haviachwi.

ORS nayo ina kosa lake, na Dar es Salaam linatokea kwenye chupa. Pakiti nyingi ni za lita 1, nyingine ni za nusu lita au ndogo zaidi. Soma kabla ya kufungua. Maji yanayouzwa dukani huja kwenye chupa za nusu lita, za lita moja na za lita moja na nusu. Pakiti ya lita 1 ikimwagwa kwenye chupa moja ya nusu lita, chumvi inakuwa mara mbili, na chumvi nyingi kwa mtoto mchanga huleta degedege. Chupa mbili za nusu lita zilizomiminwa kwenye jagi moja ndiyo pakiti moja. Usigawe unga kwa macho ili ubakize wa kesho. Yaliyochanganywa yanamwagwa baada ya saa 24. Usiongeze sukari ili mtoto apende. Sukari ikizidi huvuta maji kuja tumboni na kuharisha kunaongezeka.

Damu na homa: hapa hata kwa mtu mzima kidonge hakifai

Kuhara damu kwa kawaida huletwa na bakteria wa shigela, na baadhi ya salmonela, kampilobakta na amiba huweza kuleta sura hiyo hiyo. Vijidudu hivi havikai juu juu. Vinaingia ndani ya ukuta wa utumbo mpana na kuujeruhi, ndipo damu, makamasi, homa na ile hali ya kukaza chooni bila kutoka kitu. Hapo mwendo wa utumbo ni sehemu ya kinga. Ukiupunguza, bakteria na sumu zake vinakaa muda mrefu zaidi juu ya kidonda.

Hili lilipimwa kwa binadamu. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1973 kwa watu wazima wenye maambukizi ya shigela ulionyesha kwamba waliopewa difenoksileti, ndugu wa loperamaidi, walikaa na homa kwa muda mrefu zaidi. Hatari kubwa zaidi, ingawa ni adimu, ni utumbo mpana kutanuka kama puto na kupoteza misukumo yote. Ukitanuka hivyo unaweza kutoboka, na hilo ni suala la upasuaji. Dalili ni tumbo linalovimba huku kuharisha kukipungua ghafla, homa ikipanda na moyo ukienda mbio.

Ipo aina ya bakteria wa koli, O157, ambaye sumu yake ikifyonzwa huharibu chembe nyekundu za damu na figo, zaidi kwa watoto na wazee. Dawa za kupunguza mwendo wa utumbo zimehusishwa na kuongezeka kwa hatari hiyo. Halafu kuna kuharisha kunakokuja wakati mtu anameza antibayotiki au wiki chache baada yake. Bakteria wanaohusika huko hutoa sumu inayochubua utumbo, na loperamaidi inaweza kuufanya utanuke. Kwa hiyo swali "umemeza antibayotiki gani mwezi huu?" lina uzito sawa na swali la damu, na mjini kwetu, ambako amoksilini na siprofloksasini hununuliwa kama pipi, jibu mara nyingi ni ndiyo.

Tatizo la damu ni kwamba huchelewa. Shigela mara nyingi huanza na choo cha majimaji na homa, damu ikaja kesho yake. Ndiyo maana homa peke yake inatosha kukizuia kidonge. Kipimajoto kikisoma nyuzi 38 au zaidi, kirudishe kidonge kwenye droo. Kwa Dar es Salaam homa ina sababu ya pili: malaria nayo huweza kuja na kuharisha na kutapika, hasa kwa mtoto, na kipimo chake cha haraka kipo hadi zahanati. Homa ya matumbo pia haifai kuchezewa na kidonge hiki, kwa sababu utumbo wake unaweza kutoboka.

Kuhara damu kunahitaji antibayotiki iliyochaguliwa na mtaalamu. Shirika la Afya Duniani linaelekeza siprofloksasini kwa siku 3, dozi ikipimwa kwa uzito. Flajili, ambayo ndiyo hukimbiliwa, hutibu amiba na giadia. Haigusi shigela wala virusi. Ule mchanganyiko wa dukani wa flajili na loperamaidi kwa anayehara damu basi unamwacha na ugonjwa wake, mwendo ukiwa umezuiwa.

Kipindupindu

Mlipuko uliotikisa Dar es Salaam ulianza Agosti 2015, na masika yanapojaza vyoo vya mabondeni hofu hurudi. Hapa sababu ya kukataa kidonge ni nyingine. Hakuna kidonda, mara nyingi hakuna homa wala damu, kwa hiyo mgonjwa anapita vizuri kwenye maswali ya juu. Sumu ya kipindupindu inalazimisha utumbo kumwaga maji, na mtu mzima aliyeshikwa vibaya anaweza kupoteza hadi lita 1 kila saa. Kupunguza mwendo hakufungi bomba hilo. Maji yanaendelea kumwagika ndani, tumbo linajaa, na mwenye kumhudumia anapoteza kipimo cha kujua ni kiasi gani cha kurudisha.

Dalili zake ni choo kingi cheupe kama maji yaliyooshea mchele, mara nyingi ndani ya saa chache, kutapika, na misuli ya miguu kukaza. Huyo anakunywa ORS kwa kadiri anavyoweza huku akipelekwa hospitali. Kama mtaani kumetangazwa kipindupindu, sheria yetu ni nyepesi: kila kuharisha maji mengi ni kipindupindu hadi kipimo kiseme vingine, na loperamaidi haiuzwi.

Basi ni lini kinaruhusiwa

Mtu mzima, au kijana wa miaka 12 na zaidi, choo cha majimaji kisichokuwa kingi kupita kiasi, hakuna damu, hakuna homa, tumbo halijavimba, anaweza kunywa, na ana sababu ya kweli, kama safari, zamu ya kazi au mtihani. Aliye nyumbani siku nzima na choo kiko karibu hakihitaji. Huyo ORS, uji na kupumzika vinamtosha, na atapona siku ile ile ambayo angepona.

Muda ni saa 48. Zikipita bila nafuu, au damu au homa ikijitokeza katikati, au tumbo likivimba, anaacha na kwenda kupimwa. Mtu anayeendelea hadi siku ya tano kwa vidonge vipya anaficha kitu.

Zipo hali ambazo hutumika kwa muda mrefu: utumbo mwepesi kuchokozeka unaoharisha mara kwa mara, au kuharisha kunakoletwa na dawa za saratani, ambako wodini dozi huwa kubwa kuliko hizi. Huko kuna daktari, vipimo na ufuatiliaji. Dozi za hospitali hazichukuliwi kama ruhusa ya nyumbani, kwa sababu loperamaidi ikizidi sana huvuruga mapigo ya moyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo mwaka 2016. Anayetumia ARV zenye ritonaviri, au dawa za fangasi kama itrakonazo na ketokonazo, amwambie mfamasia kwanza: dawa hizo huipandisha loperamaidi kwenye damu.

Kadi ikiwa imeandikwa difenoksileti pamoja na atropini, masharti ni makali zaidi. Kidonge hicho hakifai kwa mtoto hata kidogo, na vichache tu vilivyookotwa sakafuni vimewahi kuua watoto wadogo. Ubaya wake ni kuchelewa: mtoto anaweza kuonekana mzima, pumzi zikaja kupungua saa nyingi baadaye, hata baada ya kuwa amepata nafuu. Mtoto aliyekimeza harudishwi nyumbani kwa sababu "amechangamka". Anahitaji kitanda cha uangalizi kwa siku nzima au zaidi.

Na kama mtoto amekwisha pewa robo ya loperamaidi jana usiku, usimpe nyingine na usimtapishe. Endelea na vijiko vya ORS ikiwa yuko macho na anameza vizuri. Mwangalie tumbo, pumzi na usingizi. Akilegea, akiwa mgumu kuamka, akipumua taratibu, mboni za macho zikawa ndogo kama ncha ya sindano, tumbo likajaa, au akatapika kijani, mpeleke hospitali iliyo karibu, iwe Temeke, Amana, Mwananyamala au Muhimbili. Hospitali ina naloksoni, ambayo huizima dawa hii. Beba kadi yenyewe ya vidonge, na mwambie daktari mambo matatu: alipewa kiasi gani, saa ngapi, na mara ya mwisho alikojoa lini.